Siku 90 zilipotelea wapi? Tulitafuta njia, hatukutafuta mkosaji



Juma hili tunaandika juu ya kazi yetu wenyewe iliyotushinda. Wengi wenu mmesikia habari yake sokoni au kwenye foleni ya kilo, na kila mmoja ameisikia kwa namna yake. Ni vema tuieleze sisi wenyewe, hatua kwa hatua, kwa sababu kikundi chochote kinachopokea karatasi za watu kinaweza kuanguka pale tulipoanguka.

Mnakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka tulikubaliana kusaidia wamama wenye watoto wachanga kupata akti ya kuzaliwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inasema mtoto atangazwe kwa afisa wa etasivili ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, tena bila malipo. Siku hizo zikipita, mlango wa bure unafungwa. Inabaki kupitia mahakama ya watoto na kuomba hukumu inayochukua nafasi ya tangazo lililochelewa, na njia hiyo ina safari, gharama na siku nyingi za kungoja.

Mzazi ndiye anayetangaza mtoto wake. Kazi yetu ilikuwa kukusanya karatasi, kuhakikisha zimekamilika, na kuwapeleka wamama biro kwa pamoja, kwa sababu wengine wanakaa mbali na hawajawahi kuingia ofisi hiyo. Tulikuwa na watoto 11. Saba wamepata akti. Wanne walipita siku 90 karatasi zao zikiwa mikononi mwetu, au zikiwa nyumbani kwa sababu ya neno tulilolisema vibaya. Afisa aliwapokea waliokuwa ndani ya muda, na hao wanne aliwaambia ukweli: muda umekwisha. Alifanya kazi yake. Swali lilikuwa letu.

Jioni ile ile sauti ya kwanza katika komite ilikuwa ya amande. Mama aliyekuwa akitunza bahasha alipe, na aliyempokea alipe pia. Sauti hiyo tunaielewa, maana uchungu unatafuta mtu. Lakini mwenzetu mmoja aliuliza: "Tukimtoza leo, kesho bahasha itakwenda biro upesi zaidi?" Hakuna aliyejibu ndiyo. Tukaacha neno la amande, tukapanga kikao cha Jumapili iliyofuata.

Namna ya kikao hicho hatukuitunga sisi. Wamama waliozaa hospitalini huenda wamesikia kwamba mama akifariki katika uzazi, waganga hukaa kupitia habari yake tangu mwanzo. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa kitabu cha mwongozo wa kazi hiyo mwaka 2004, na kanuni yake kubwa ni kwamba kikao hakitaji jina wala hakitafuti wa kuadhibiwa. Kabla ya hapo, mwaka 1994, wanawake wawili watafiti, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walikuwa wameonyesha kwamba mama mzazi hucheleweshwa mahali patatu: kuamua kutafuta msaada, kufika kituoni, na kupata huduma akishafika. Ukijua amecheleweshwa wapi, unajua pa kutengeneza. Ukijua tu jina la muuguzi aliyekuwa zamu, hujajua kitu. Tuliona kwamba njia hiyo inafaa pia kwa jambo dogo kama bahasha ya karatasi.

Tulikuwa sita, na wa saba, yule aliyetunza bahasha, alikuwa Bukavu akimuuguza mama yake. Tulimpigia simu, tukaweka sauti wazi katikati ya meza. Tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, kila mmoja aeleze alichokijua siku ile, asieleze anachokijua leo baada ya mambo kuharibika. La pili, tusiulize "kwa nini hukufanya?" bali "ulichokiona siku ile kilikuonyesha nini?" Tofauti yake ni kubwa. Swali la kwanza linamfanya mtu ajitetee, la pili linamfanya akumbuke. Kisha tukaandika tarehe ubaoni, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, bila maelezo.

Tarehe zenyewe zilianza kusema.

Tarehe 25 mwezi wa kwanza tulitangaza katika mkutano: "Leteni karatasi ya mtoto kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu." Sisi wa komite tulikuwa na maana ya mwezi wa tatu wa umri wa mtoto. Wamama wawili waliojifungua mwezi wa kumi na mbili walielewa mwezi wa tatu wa mwaka. Nani alikosea? Sikilizeni maneno hayo tena na mtaona kwamba walielewa sawasawa kile tulichokisema. Mtoto wa kwanza alizaliwa tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo siku zake 90 ziliisha tarehe 8 mwezi wa tatu. Wa pili alizaliwa tarehe 15, zikaisha tarehe 15 mwezi wa tatu. Mama wa kwanza alikuja tarehe 20, wa pili tarehe 27. Wote wawili walifika wakidhani wamewahi, na wote wawili walikuwa wamekwisha kuchelewa. Hakuna aliyewaambia, kwa sababu hata sisi tulikuwa hatuhesabu.

Na neno "karatasi ya mtoto" lilituangusha vilevile. Mtoto mchanga wa hapa kwetu ana karatasi zaidi ya moja. Kuna fishi ya chanjo na kilo. Kuna karatasi ya materinite inayoonyesha kwamba amezaliwa pale, siku fulani. Na kuna akti yenyewe, ambayo haitoki hospitalini bali kwa afisa wa etasivili. Mama yule wa tarehe 20 alileta fishi ya chanjo. Tukamrudisha nyumbani, akarudi tarehe 27 na karatasi ya materinite. Wengine walikuwa hawaji kabisa, wakisema mtoto wao tayari ana akti, kumbe wana karatasi ya materinite iliyokunjwa vizuri ndani ya plastiki.

Hao ni watoto wawili kati ya wanne. Hapo kikao kilinyamaza kidogo, kwa sababu tuliona kwamba mama wa bahasha, ambaye tulitaka kumtoza amande, hahusiki kabisa na hao wawili. Hata kama asingesafiri, hata kama angekuwa malaika, wangechelewa tu.

Mtoto wa tatu alitufundisha juu ya foleni. Alizaliwa tarehe 2 mwezi wa kwanza. Mama yake alileta karatasi kamili tarehe 4 mwezi wa pili, mtoto akiwa na siku 33. Ni mmoja wa wamama waliokuja mapema kuliko wote, na ndiye aliyeumia zaidi. Tulitaka kujua ilikuwaje.

Karatasi zilikuwa zinaingia katika bahasha moja kubwa, mpya juu ya ya zamani. Kwa sababu ya pesa ya safari, tulijiwekea kanuni: hatuendi biro mpaka ziwepo tano zilizokamilika. Tarehe 26 mwezi wa pili zilikuwa 8, tukachukua tano. Zipi? Zilizokuwa juu, yaani zilizoletwa mwisho. Ya mtoto huyu ilikuwa chini kabisa. Hakuna aliyeamua kumwacha. Bahasha ndiyo iliyoamua, kama gunia la maharage ambalo kila siku unachota juu na yale ya chini yanapata wadudu.

Zikabaki tatu. Tarehe 6 mwezi wa tatu ikaingia ya nne. Tukangoja ya tano. Tulingoja siku 21, karatasi nne kamili zikikaa zikingoja mwenzao, mpaka tarehe 27 walipoleta wale wamama wawili wa mwezi wa kumi na mbili. Tazameni ajabu hiyo: tulichelewesha watoto waliokuwa ndani ya muda ili tungoje watoto ambao muda wao ulikuwa umekwisha.

Ubaoni tulihesabu siku za mtoto huyo wa tatu. Alifikishwa biro tarehe 17 mwezi wa nne, siku yake ya 105. Siku 33 zilikuwa za mama yake, aliyekuwa bado anapata nguvu za uzazi. Siku 72 zilikuwa zetu. Na katika siku hizo 72, kazi ya kweli ilikuwa dakika chache za kuandika daftarini na asubuhi moja ya biro. Zote zilizobaki zilikuwa za kungoja tu. Mtu akiuliza kwa nini kazi imechelewa, tunafikiri haraka kwamba mfanyakazi alikuwa mvivu au polepole. Hapa hakuna aliyefanya polepole. Karatasi ilikuwa imelala kwenye foleni yenye utaratibu mbaya.

Mtoto wa nne ndiye anayehusu makabidhiano. Alizaliwa tarehe 11 mwezi wa kwanza, muda wake ukaisha tarehe 11 mwezi wa nne. Tarehe 27 mwezi wa tatu karatasi tano zilikuwa zimetimia, tena zimepita. Kesho yake, tarehe 28, mama wa bahasha alipata habari ya ugonjwa wa mama yake. Akakimbia kutafuta gari la Bukavu. Njiani akakutana na mwenzake wa komite, akampa bahasha na kumwambia: "Shika hizi za watoto, zingine bado."

Bado nini? Kwenye simu tulimwuliza, akasema maana yake ilikuwa "bado hazijapelekwa biro." Tukamwuliza aliyepokea, akasema alielewa "bado hazijakamilika." Kwa hiyo aliziweka vizuri nyumbani, akingoja wamama walete kilichobaki. Na aliyekuwa Bukavu alilala usingizi, akijua mwenzake ameshakwenda biro. Kila mmoja alimwamini mwenzake, na siku 20 zikapita bila mtu kuuliza. Tulifungua daftari kuona kama lingewasaidia. Lilikuwa na majina ya watoto na tarehe za kupokea karatasi. Halikuwa na tarehe ya mwisho ya mtoto yeyote, wala alama ya kuonyesha nani amekamilika. Aliyepokea angelisoma usiku kucha na bado asingejua.

Katika siku hizo 20 mtoto wa tatu naye alipitwa, tarehe 2. Ndiyo kusema makosa hayakupangana moja moja kwa mtoto mmoja mmoja. Huyo foleni ilimpotezea karibu siku zote, na makabidhiano yakamalizia sita zilizobaki. Mambo mengi yanaharibika hivyo: kila kasoro ingeweza kuokolewa na hatua inayofuata, lakini hatua inayofuata nayo ina kasoro yake. Jambo lilijulikana tu tarehe 16 mwezi wa nne, pale mama wa mtoto wa nne alipokuja mwenyewe kuuliza. Kesho yake tulikwenda biro, tukiwa tumechelewa.

Kabla ya kufunga kikao tuliuliza swali moja kwa kila kasoro: kama angekuwa mtu mwingine mahali pale, mambo yangekwenda vizuri? Kwa tangazo, hapana. Kwa bahasha, hapana. Kwa neno "zingine bado", hapana. Jibu likiwa hapana, kumbadilisha mtu au kumtoza hakusaidii. Kinachotakiwa kubadilika ni utaratibu. Lakini tuseme wazi: kama jibu lingekuwa kwamba mtu amekula pesa ya safari au amesema uongo, hilo lina njia yake nyingine, na kikao cha namna hii si mahali pa kulificha.

Haya ndiyo tuliyobadilisha.

Tangazo la mdomo tu tumeliacha. Kila mama mwenye mtoto mchanga anapewa kipande cha karatasi kilichoandikwa: "Leta karatasi uliyopewa materinite siku ya kujifungua. Siku ya mwisho ya mtoto wako ni tarehe fulani." Tarehe hiyo tunaihesabu pamoja naye kwenye kalenda, siku kwa siku, hatusemi "miezi mitatu". Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 mwezi wa saba anafikisha siku 90 tarehe 29 mwezi wa tisa; anayengoja miezi mitatu kamili, mpaka tarehe 1 mwezi wa kumi, amechelewa siku mbili. Kisha mama anaturudishia kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Akitaja fishi ya chanjo, tunajua mara moja kwamba hatujaeleza vizuri.

Bahasha imebaki, ila haiamui tena. Daftari lina safu nne: jina la mtoto, siku ya mwisho, kinachokosekana, na hatua inayofuata pamoja na mwenye kuifanya. Karatasi zinapangwa kwa siku ya mwisho, iliyo karibu ikae juu, hata kama imeletwa jana. Kanuni ya tano bado ipo kwa ajili ya pesa ya safari, lakini ina ndugu yake sasa: mtoto yeyote akibakiza siku 30, tunakwenda, hata akiwa peke yake. Safari ya mtoto mmoja inauma kasa, lakini haiumi kama njia ya mahakama.

Na bahasha haikabidhiwi tena njiani. Mtoaji na mpokeaji wanakaa na daftari, wanasoma mstari kwa mstari, mpokeaji anarudia kwa sauti hatua inayofuata ya kila mtoto, na wote wawili wanatia sahihi. Dharura ikizuia, wanafanya hivyo kwa simu siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Maneno "bado" na "zingine" tumeyafukuza katika makabidhiano. Sema "ya fulani imekamilika, ipelekwe biro kabla ya tarehe fulani," basi.

Tutajuaje kama inasaidia? Kila Jumapili mtu mmoja anafungua daftari na kutazama mstari wa juu tu. Siku zilizobaki zikiwa zaidi ya 30, tunaendelea. Zikiwa chini ya hapo na mtoto hajapelekwa, tunauliza papo hapo, hatungoji mama aje kutuuliza yeye. Tunajua pia mahali ambapo utaratibu huu haufiki. Mama aliyejifungulia nyumbani au shambani hana karatasi ya materinite, na kipande chetu hakimsaidii. Huyo tunamwomba atuone katika juma la kwanza, ili tukaulize biro pamoja naye mapema ni nini kitakachopokelewa.

Limebaki neno la wamama wanne. Kutomlaumu mwenzetu hakukutuondolea deni la kuwaomba radhi. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, tukaeleza tarehe zote kama tulivyozieleza hapa, bila kuficha zile siku 72. Mama mmoja alitusikiliza mpaka mwisho kisha akasema: "Nimeelewa, lakini mimi nililetea mapema." Hatukuwa na jibu, na hatukulitafuta. Komite imekubali kwamba gharama za njia ya mahakama kwa watoto hao wanne zitoke katika kasa ya kikundi, kwa sababu utaratibu uliowachelewesha ulikuwa wa kikundi. Majina yao yako juu kabisa ya daftari, na kwenye safu ya hatua inayofuata kila mmoja ana tarehe yake na mtu wa kumsindikiza.

Mama wa bahasha amerudi kutoka Bukavu. Ndiye anayefungua daftari Jumapili hii.